Afisa wa Kodi na Madaftari ya Mama Shani

Ndugu mwenyekiti, ndugu maafisa mnaoanza kazi mwaka huu, na nyinyi mafundi cherehani mliokubali kufunga vibanda asubuhi hii ili mkae nasi, nawasalimu.

Niliombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za mfanyabiashara mdogo. Nimekagua vitabu vya biashara kwa miaka mingi, na nikisimama hapa kuwasomea vifungu vya sheria, nyinyi mafundi mtasinzia na nyinyi maafisa mtaandika tu bila kuona kitu. Kwa hiyo nimekuja na hadithi. Mama Shani na afisa wake nimewatunga. Madaftari sikuyatunga, maana nimeshika mengi ya namna hiyo, yenye mafuta ya cherehani na pini zilizosahauliwa ndani. Viwango vya kodi nitakavyovitaja ni vile vilivyokuwepo mwaka 2022. Anayetaka kuvitumia leo aangalie kwanza sheria ya fedha ya mwaka alio nao, kwa sababu hubadilishwa.

Ilikuwa wiki ya pili ya Januari 2023, Morogoro mjini, kwenye kibaraza kimoja karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mafundi mnajua Januari ni mwezi gani. Shule zimefunguliwa, wazazi wanataka sare ya jana, na kila mmoja anaapa kwamba alileta kitambaa kabla ya mwenzake. Mama Shani alikuwa na cherehani mbili za miguu na binti mmoja anayejifunza kazi. Kitini kwake palikuwa na mlima wa sketi za bluu zisizo na mikanda.

Afisa akafika, kijana wa miaka thelathini hivi, na begi begani. Pindo la suruali yake, mguu wa kulia, lilikuwa limefumuka na kuning'inia nyuma ya kiatu. Bodaboda ilimshika asubuhi ile. Mama Shani aliliona lile pindo kabla hajauona uso wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapima au unachukua?"

"Natoka Mamlaka ya Mapato, mama. Hiki hapa kitambulisho changu."

Mguu wa Mama Shani ukasimama juu ya pedeli. Binti akasimamisha na wake. Afisa akaona wateja watatu wamesimama na watoto, akasema, "Malizana nao kwanza. Mimi nitakaa hapa." Akakaa kwenye benchi la wateja, akakaa saa nzima na nusu.

Maafisa, naomba mwitazame ile saa na nusu. Hakuwa amekaa bure. Aliona mzazi anatoa shilingi 10,000, na Mama Shani anavuta kaunta buku kutoka chini ya meza ya kukatia, anaandika, anaichomeka tena. Aliona mzazi wa pili analeta kitambaa chake. Akaona wa tatu hana kitambaa, anatoa noti, anasema, "Nichukulie mwenyewe dukani, wewe unajua kinachofaa." Noti zile hazikuingia kwenye mkebe wa kwanza. Ziliingia kwenye mkebe wa maziwa uliokuwa nyuma, na zikaandikwa kwenye daftari jingine. Kabla hajauliza swali hata moja, alikwisha kujua kwamba mama huyu anatenganisha pesa, na kwamba ana madaftari zaidi ya moja.

Wateja walipoondoka, Mama Shani akaanza yeye. "Mwaka jana mlinikadiria laki mbili na nusu. Nimelipa zote, mara nne, stakabadhi ninazo. Andika hiyohiyo, mwanangu, uende. Nina sketi arobaini hapa."

"Kwa nini laki mbili na nusu, mama?"

"Sikuuliza."

Hapo lazima nisimame kidogo niwaeleze mafundi. Mtu binafsi anayefanya biashara ndogo, ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100, hutozwa kodi ya mapato kwa njia ya makadirio. Haiangaliwi faida yake, huangaliwa mauzo, yaani pesa yote ya kazi iliyoingia kabla ya kutoa uzi, kodi ya kibanda na mshahara wa binti. Na kwa wale wa ngazi za chini kuna safu mbili. Kwa mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu alilipa 250,000, basi, hata kama aliingiza milioni 7 na shilingi moja. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000, kisha akaongeza asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kwa hiyo ile laki mbili na nusu ya Mama Shani ilikuwa na maana moja tu: mahali fulani, kwenye karatasi fulani, iliandikwa kwamba mama huyu hana kumbukumbu.

"Una kumbukumbu, mama?"

"Sina."

"Na lile ulilokuwa unaandika?"

Mama Shani akatazama chini ya meza. "Yale ni yangu. Ni ya kunikumbusha nisikosee vipimo vya watu."

Miaka ya nyuma, akiwa kwenye kibanda kingine, mtu mmoja alikuja kwa kazi hiihii, akafungua daftari lake, akalifunga, akalitupa juu ya vipande vya vitambaa, akasema hivi ni vidaftari vya watoto wa shule. Wateja walikuwepo. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza alijibiwa hakuna. Kwa miaka yote hiyo Mama Shani alikuwa akilipia lile neno.

Afisa hakumwambia kwamba sheria inamtaka aonyeshe, ingawa inamtaka. Alisema, "Naomba nione moja tu. Nikishindwa kulisoma, kosa ni langu." Alipopewa akalipokea kwa mikono miwili.

Sasa tuyafungue. Yalikuwa ya aina tatu. La kwanza ni kaunta buku kubwa, la oda. Kila oda ina tarehe na jina, halafu vipimo, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, kisha bei, advansi na baki. Pembeni ya kila oda kuna kipande cha kitambaa chenyewe, upana wa vidole viwili, kimebanwa kwa pini. Oda iliyochukuliwa na kulipwa imezungushiwa duara. Ambayo haijachukuliwa haina kitu. La pili ni daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na humo kila jioni aliandika pesa iliyoingia mkononi siku ile. Kwa mwaka mzima wa 2022 yalikuwa madaftari manne ya aina hiyo. La tatu ni dogo, la mkebe wa nyuma: pesa za watu za kununulia vitambaa. Kila mstari una jina la mteja, alichoacha, kilichonunuliwa, chenji iliyorudi. Risiti za duka zimekunjwa na kuchomekwa katikati ya kurasa.

Yule kijana alikuwa na kikokotoo na alijua kujumlisha, na ndipo nusura apotee. Siku ile ya kwanza alikaa akajumlisha safu ya bei kwenye kaunta buku, akapata shilingi 8,690,000. Akajumlisha madaftari manne ya jioni, akapata 10,203,000. Akaziunganisha, ikawa 18,893,000. Kwa mauzo yanayozidi milioni 11 kiwango cha mwaka ule kilikuwa asilimia 3.5 ya mauzo yote, hivyo kodi ingekuwa shilingi 661,255. Aliiandika kwa penseli kwenye karatasi yake. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ambayo mama alikuwa akilipa.

Nimeona makadirio yaliyofanyika hivyo hivyo, na aliyeyafanya hakuwa na nia mbaya. Aliona tarakimu akazijumlisha. Lakini mshono mmoja wa Mama Shani unaonekana mara tatu kwenye madaftari yake. Gauni la shilingi 30,000 limeandikwa 30,000 kwenye oda, limeandikwa tena 15,000 siku mteja alipotoa advansi, na 15,000 nyingine siku alipolichukua. Ukijumlisha kila unachokiona unapata 60,000 kwa gauni moja.

Kilichomzuia afisa ni mistari miwili. Kwenye daftari la jioni, tarehe moja ya Agosti, palikuwa na 300,000 kwa mkupuo. Hakuna siku nyingine mwaka mzima iliyofika hata 150,000. Na kwenye ukurasa mmoja wa Oktoba palikuwa na safu ya namba ndogondogo kwa mwandiko mwingine, 42, 56, 63, zisizofanana na pesa ya aina yoyote. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaweka kikokotoo chini, akaligeuza daftari likamwelekea Mama Shani.

"Mama, mimi naona namba. Wewe unaona watu. Nisomee."

Hiki ndicho nilichokuja kuwaambia maafisa. Daftari la mtu anayejiandikia mwenyewe ni nusu ya kumbukumbu, na nusu nyingine iko kichwani kwa mwenye nalo. Alama zake hazipo kwenye mtaala wenu. Ukimnyang'anya ukaenda nalo ofisini, umebeba nusu. Keti naye, aweke kidole kwenye mstari, akusomee kwa sauti, nawe uulize, "Na hii?"

Mama Shani akasoma. Zile namba za Oktoba ni hesabu za mjukuu, jedwali la saba. Alikuwa akifanyia kazi ya nyumbani pale kibandani. Ile laki tatu ya Agosti ni zamu yake ya mchezo, wanawake sita wa kibaraza wanaochangiana kila mwezi. Aliiandika kwa sababu iliingia mkebeni, na yeye huandika kila kinachoingia mkebeni. Pesa ya mchezo si mauzo, ni pesa yake mwenyewe inayomrudia. Afisa hakukubali kwa maneno tu. Akauliza michango yake iko wapi, na mama akaionyesha: kila mwisho wa mwezi, pembeni, kwa wino mwekundu, "mchezo 50,000". Mara sita, kuanzia Julai hadi Desemba. Mara sita hamsini ni laki tatu.

Kazi haikwisha siku ile. Afisa alirudi Alhamisi, akarudi tena Jumanne iliyofuata, kila mara baada ya saa tisa alasiri wazazi wanapopungua. Siku ya pili walifuatilia pesa za vitambaa. Daftari dogo lilikuwa na shilingi 1,540,000 kwa mwaka mzima, na pesa hizo zote zilikuwa zimeandikwa pia kwenye madaftari ya jioni, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mkebe wa nyuma ulikuwa haujaanza kutumika, na baadaye binti alikuwa akihesabu mikebe yote miwili pamoja. Hapa palihitaji uangalifu. Fundi anayenunua kitambaa cha 10,000 na kumuuzia mteja kwa 14,000 amefanya biashara ya kitambaa, na ile 14,000 ni mauzo yake. Fundi anayetumwa dukani, akanunua, akarudisha chenji na risiti, amebeba pesa ya mtu. Afisa alichagua majina 20, akalinganisha alichoacha mteja, risiti ya duka, na chenji iliyoandikwa. Yote 20 yalikubaliana hadi shilingi ya mwisho, bila hata shilingi 500 ya ziada iliyobaki kwa mama. Kisha akapitia yaliyosalia, mstari kwa mstari, akihakikisha kila kiasi alichokitoa kilikuwa kimeingia kweli kwenye hesabu ya jioni. Vilikuwepo vyote.

Basi hesabu ya mkononi ikawa hivi: 10,203,000, toa 1,540,000 za vitambaa vya watu, toa 300,000 za mchezo. Inabaki 8,363,000.

Sasa aende upande wa pili, wa kaunta buku, aone kama njia nyingine inamfikisha palepale. Bei za oda zote za 2022 ni 8,690,000. Lakini zipo oda ambazo mpaka tarehe 31 Desemba hazikuwa na duara, watu wametoa advansi wakapotea. Baki zake zilikuwa 405,000. Na zipo oda za Desemba 2021 ambazo baki zililipwa Januari 2022, jumla 90,000. Toa zile, ongeza hizi, unapata 8,375,000.

Tofauti ya shilingi 12,000.

Ndugu zangu, kwa mwaka mzima wa kazi ya mikono, kwa kalamu inayogombaniwa na mjukuu, tofauti ya 12,000 ni ndogo mno. Afisa mwingine angeiacha. Huyu aliniridhisha nilipokuwa namtunga kwa sababu hakuiacha, na hakuitafuta kwa kumshuku mama. Aliitafuta kwa sababu madaftari yaliyotunzwa namna ile yalistahili kumalizwa.

Waliipata siku ya tatu, mwezi wa Juni. Gauni jeusi, bei 22,000, advansi 10,000, duara limechorwa. Lakini kwenye daftari la jioni baki ya 12,000 haipo. Kipande cha kitambaa kilikuwepo, cheusi, kimebanwa kwa pini iliyoanza kutu. Mama Shani alikiangalia akanyamaza. Chini ya duara, kwa herufi ndogo sana, alikuwa ameandika "nimemsamehe". Mteja alikuwa amefiwa na mume. Alikuja kuchukua gauni la msiba akiwa na nauli tu.

Afisa akaandika kwenye karatasi yake: baki iliyosamehewa, 12,000, oda ya Juni, imeonekana. Hesabu mbili zikakutana kwenye 8,363,000.

Mtaniuliza, je, kama mama ameyaandika yote wiki iliyopita? Ni swali zuri, na maafisa lazima mlijibu kwa macho yenu. Daftari la kubuni huwa safi. Kalamu ni ile ile toka Januari hadi Desemba, mwandiko haubadiliki mtu akiugua au akichoka, kila siku ina kitu na kila kiasi kinaishia kwenye elfu tano. Halina majira. Daftari la Mama Shani lilikuwa na wino wa rangi nne, lina siku tatu tupu za Machi alipokwenda kuzika kijijini, na lina majira yote ya ufundi: linafura Januari kwa sare, linafura tena wiki za kabla ya Idd mwanzoni mwa Mei, linalala Juni yote, linaamka Desemba. Hakuna fundi anayeweza kukaa usiku mmoja akabuni yale yote bila kujisahau mahali.

Na afisa alifanya jaribio moja la mkono, ambalo nawapa mlichukue. Aliomba kuona zipu. Mafundi hununua zipu kwa dazeni, na Mama Shani alikuwa na vikaratasi vya manunuzi vya dazeni 31 kwa mwaka, yaani zipu 372, na alipouanza mwaka mkebe ulikuwa mtupu. Akahesabu kwenye kaunta buku nguo za kutiwa zipu, magauni, sketi na suruali: 358. Kwenye mkebe zilibaki 9. Hiyo ni 367. Zilizokosekana ni 5, na binti anayejifunza akainamisha kichwa, kwa sababu zipu zilizoharibika zilikuwa mikononi mwake. Kama mama angekuwa anaficha nusu ya oda zake, zipu zingemsema. Angekuwa amenunua zipu 700 na kuandika nguo 358. Seremala ana misumari yake, mama lishe ana gunia lake la mkaa. Kila kazi ina kitu kidogo kinachonunuliwa kwa idadi na kuisha kwa idadi, na kitu hicho hakijui kusema uongo.

Ofisini mkubwa wake wa kazi alimuuliza, kaunta buku lenye vipande vya vitambaa ndilo kumbukumbu? Akamjibu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi, kifungu cha 35, inataka nyaraka zinazowezesha kodi kujulikana, zitunzwe miaka mitano. Kiswahili kinakubalika. Haisemi jalada liwe gumu wala safu ziwe ngapi. Akamwekea mezani ukurasa mmoja wenye hesabu zile mbili zinazokutana. Mkubwa akasoma, akauliza juu ya laki tatu, akaonyeshwa wino mwekundu, akasaini.

Kwa hiyo makadirio ya 2023 yalijengwa juu ya mauzo ya 8,363,000 kwenye safu ya wenye kumbukumbu. Milioni 7 za kwanza, 90,000. Kilichozidi, 1,363,000, asilimia 3 yake ni 40,890. Jumla 130,890, kwa mafungu manne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kama 32,700 na ushei kila fungu. Upungufu kutoka 250,000 ni 119,110. Kwa bei za Mama Shani, hizo ni sketi za shule zaidi ya kumi.

Sitaki kuwaficha lililouma. Afisa alipomweleza, mama aliuliza, "Na ya mwaka jana niliyozidisha?" Kijana alimwambia ukweli. Asiyekubaliana na makadirio ana siku 30 tangu anapopewa kuyawekea pingamizi kwa maandishi. Ya mwaka 2022 alipewa mapema mwaka huo, akanyamaza, siku zikapita. Mama alikaa kimya. Binti naye akaacha kushona. Mafundi, karatasi ya makadirio ikifika mkononi mwako, andika tarehe uliyoipokea juu yake hapohapo, kwa kalamu, kisha uhesabu siku zako.

Halafu kulikuwa na pungufu upande wa mama, nalo afisa hakulipuuza. Alikuwa chini ya kiwango cha kutakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti, lakini hata kwa mkono hakuwa akitoa risiti kwa mteja. Kipande cha kitambaa na pini vilimtosha yeye. Havikumtosha mteja, na siku ambayo daftari lingeloa au kuibwa, mwaka wote ungepotea na yeye angerudi kwenye 250,000. Wakakubaliana anunue kitabu cha risiti chenye nakala, na namba ya risiti iandikwe kwenye oda, pembeni ya kitambaa. Afisa akamwomba pia mambo mawili madogo: aandike mwaka kwenye jalada la kila daftari, maana mawili hayakuwa na mwaka na walilazimika kuyatambua kwa tarehe ya Idd, na mjukuu apewe daftari lake mwenyewe. Hakumbadilishia kitu kingine. Hakumletea fomu yenye safu kumi na mbili. Nimeona fundi aliyekuwa akiandika vizuri kwa njia yake, akapewa kitabu cha kisasa, akaacha kuandika kabisa ndani ya miezi miwili.

Siku ya mwisho afisa alipoinuka kuondoka, Mama Shani alimwambia, "Kaa. Vua kiatu hicho cha kulia. Siku zote hizi nalitazama hilo pindo, siwezi tena."

"Nitalipa, mama."

"Pindo tu hilo."

"Mama, mimi ndiye ninayekukadiria. Nikishonewa bure, hesabu yetu yote inachafuka. Bei ya mtu mwingine ni ngapi?"

Mama akamtazama. "Elfu mbili."

Akashona palepale, mguu wa suruali umevutwa juu ya kitako cha cherehani na kijana amesimama kwa mguu mmoja ameshika nguzo, huku binti akigeuka pembeni asicheke. Uzi wa kijivu, mishono midogo. Akakata kwa meno. Afisa akatoa noti mbili za elfu moja, mama akazitia kwenye mkebe wa mbele. Akavuta kaunta buku jipya, ambalo juu yake sasa palikuwa pameandikwa 2023 kwa herufi kubwa. Akakata uzi ule wa kijivu urefu wa kidole, akaubana kwa pini pembeni ya mstari, akaandika: bwana wa kodi, pindo mguu mmoja, 2,000, kalipa. Akachora duara. Kisha akafungua kitabu kipya cha risiti, akachana ya kwanza, akampa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.